Kutoka picha za kijitabu cha mazishi na karatasi sita za mkono hadi taabini ya dakika nne

Rafiki yangu alinitumia picha tisa kwa simu na bahasha yenye karatasi sita. Mwaka mmoja ulikuwa unatimia tangu wamzike baba yao, fundi baiskeli, na siku ya kumbukumbu yeye ndiye aliyepangwa kusema kwa niaba ya watoto. Kijitabu halisi cha mazishi kilikuwa kimepotelea kwenye sanduku la mtu, zikabaki picha. Zile karatasi sita ziliandikwa na watu wa nyumbani baada ya kuombwa waandike lolote wanalokumbuka. Alitaka vitu hivyo viwili nivigeuze kuwa maneno ya kusema.

Ninaeleza hapa tulivyofanya, kwa mpangilio tuliofuata, pamoja na mahali tulipokosea.

Kijitabu ni ushahidi, hotuba ni kitu kingine

Kosa linaloua taabini nyingi ni kuchukua wasifu uliomo kwenye kijitabu, kuubadilisha maneno kidogo, na kuusoma upya. Wasifu huo ulishasomwa mbele ya watu walewale. Wanajua alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha watoto wangapi. Ukianza na "Marehemu alizaliwa tarehe…" unaona vichwa vikiinama.

Kwa hiyo kijitabu kitumie kuhakikisha: majina, tarehe, nani ni nani, nini kilitangulia nini. Karatasi za mkono ndizo zitakazokupa cha kusema.

Picha kwanza ziwe za kusomeka

Picha iliyopita kwenye simu nne inapungua ubora kila inapotumwa, na cha kwanza kupotea ni tarakimu. Kwenye picha zangu, 3 na 8 zilifanana kabisa. Usikisie. Omba mwenye picha ya kwanza aitume kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa. Kama kijitabu kipo, kipigwe upya: kando ya dirisha, mwanga ukitokea ubavuni, taa ya kamera ikiwa imezimwa kwa sababu karatasi ya kung'aa itarudisha doa jeupe, na simu ikiwa sambamba na ukurasa. Piga ukurasa mzima, halafu sogea upige peke yake kila aya yenye tarehe au majina.

Angalia pia kama kurasa zote zipo. Kijitabu cha kurasa 8 hutengenezwa kwa karatasi mbili zilizokunjwa katikati, moja ndani ya nyingine. Mtu akitoa pini na kuzipiga picha zikiwa zimekunjuliwa, ukurasa wa 8 utakaa ubavuni mwa 1, wa 2 na 7, wa 6 na 3, wa 4 na 5. Kila pande mbili zikijumlishwa ni 9. Mimi nilikuwa na picha tisa nikadhani nina kila kitu, kumbe jalada lilipigwa mara tatu na ukurasa wa 7 haukuwepo. Huo ndio uliokuwa na majina ya wajukuu.

Karatasi za mkono nazo zipige picha, kisha uzipe namba. Namba iandike kwenye kipande kidogo kinachowekwa kando wakati wa kupiga, usiiandike juu ya karatasi ya mtu. Zangu ziliingia kuanzia K1 hadi K6: mjane, binti mkubwa, mdogo wa marehemu, dada wa marehemu, mjukuu, na moja isiyo na jina.

Nakili neno kwa neno, pamoja na makosa

Andika kila karatasi kwenye kompyuta au daftari jinsi ilivyo. Usisahihishe, usifupishe, usiunganishe. Neno usilolisoma weka alama ya kuuliza ndani ya mabano, na ukiwa na makisio mawili weka yote mawili.

Hili linaonekana kama urasimu mpaka likukute. K6, ile isiyo na jina, ilikuwa na mstari huu: *alimfu[?]a mdogo wake kazi mwaka 80*. Katikati ya neno la kwanza ndipo karatasi ilipokunjwa, na wino ulikuwa umefutika. Alimfundisha mdogo wake kazi, au alimfukuza? Herufi zilizobaki zinakubali yote mawili, na sentensi pia inakubali yote mawili. Rafiki yangu alisema bila kusita ni "alimfundisha", kwa kuwa ndilo alilopenda. Nikamwambia tuangalie kwanza.

Kuna njia tatu za kufungua neno kama hilo. Ya kwanza ni kupima nafasi: hesabu herufi ngapi za mwandishi huyohuyo zinaingia katika upana ule. Nafasi yetu ilikuwa ya herufi tano au sita. "Alimfundisha" inahitaji tano kati ya *alimfu* na *a* ya mwisho, ilhali "alimfukuza" inahitaji tatu tu. Ya pili ni kuishika karatasi pembeni mwa tochi, mwanga ukipita chini chini juu ya uso wake. Kalamu iliyokandamizwa huacha mfereji hata wino ukiondoka, na penseli pia. Tuliona mkia wa juu wa herufi karibu na mwisho, ule wa *h*. Ya tatu ni kulinganisha na karatasi nyingine, na K3 ya mdogo wake mwenyewe inaanza hivi: "Kaka ndiye aliyenipa ufundi huu." Hapo likafungika.

Fikiria tu kama lingesomwa lile lingine, na mwenyewe amekaa mstari wa mbele.

Tatizo la "a" na la "bibi"

Kiswahili chetu kina mtego ambao kwenye karatasi hauonekani, ila kwenye kipaza sauti unaonekana sana. "A-" haisemi ni mwanamume au mwanamke, wala haisemi ni nani kati ya wawili waliotajwa. Dada wa marehemu aliandika: *Alimpelekea pesa kila mwezi mpaka alipofariki.* Aliyefariki ni nani? Yeye anajua, alikuwa anamzungumzia mama yao. Msikilizaji aliyekuja kumkumbuka fundi atasikia kwamba fundi ndiye aliyefariki, na mpokeaji wa pesa atabaki hewani. Kila mahali palipo na watu wawili na "a-" mbili, rudisha jina la undugu: "mpaka bibi yetu alipofariki".

Halafu, undugu wenyewe unahama kutegemea nani ameshika kalamu. Mwanamke mmoja ndani ya karatasi zangu aliitwa "mama" na binti, "bibi" na mjukuu, "shemeji" na mdogo wa marehemu, "wifi" na dada yake. Ukinakili vipande bila kubadili, hotuba itakuwa na wanawake wanne. Na "bibi yake" ni mbaya zaidi, maana wengine humaanisha mke na wengine mama wa mzazi.

Chora jedwali dogo kabla ya kuandika sentensi hata moja ya hotuba. Safu ya kwanza: mtu huyu ni nani kwa marehemu. Ya pili: anaitwaje kwenye kila karatasi. Ya tatu, iliyo muhimu kuliko zote: ataitwaje na msemaji. Msemaji wetu ni mtoto wa kiume, kwa hiyo mjane ni "mama", K2 ni "dada yangu mkubwa", K3 ni "baba mdogo", K4 ni "shangazi". Ukishaamua, usitoke humo mpaka mwisho.

Tarehe zinapogombana

Kijitabu kilisema alizaliwa 12 Novemba 1948, akafariki 3 Machi 2023 "akiwa na umri wa miaka 75". Aliyekitengeneza alitoa mwaka kutoka mwaka. Novemba ya 2023 hakuifikia, kwa hiyo alikuwa na miaka 74. Mambo ya namna hii ni ya kawaida kwenye vijitabu kwa sababu huandikwa usiku mmoja, na watu watano wanaamrisha. Hesabu umri mwenyewe kila mara.

Mgogoro wa pili ulikuwa wa maana zaidi. Wasifu: "alianza kazi ya ufundi mwaka 1968." Binti mkubwa: "Baba alianza ufundi mwaka niliozaliwa mimi", na yeye ni wa 1973. Kishawishi ni kuamini kilichochapishwa. Lakini aliyechapisha naye aliambiwa na mtu. Badala ya kuuliza "ipi ni sahihi?", swali ambalo humfanya kila mtu ashikilie lake, uliza "hapo 1968 alikuwa wapi?" Mama alijibu kwa simu papo hapo: alikuwa kijana wa kazi kwenye karakana ya mtu, na ya kwake aliifungua baada ya miaka mitano, binti akiwa mchanga mgongoni. Wote wawili walikuwa sahihi. Na tulipata picha ya mtoto mgongoni bila kuitafuta.

Ukikosa jibu, liache jambo. Hotuba haidaiwi kila mwaka. Tena mwaka ni ghali kuutamka: "elfu moja mia tisa sabini na tatu" ni maneno saba, karibu sekunde tano za kusikiliza hesabu. Nilibakiza miaka miwili tu, na yote ikatamkwa kwa ufupi, "mwaka wa sabini na tatu", kama watu wanavyosema.

Orodha ya watoto usiiguse bila mkubwa wa ukoo kuipitia. Kijitabu kilisema watano. Mama alisema sita, kuna mmoja alikufa akiwa na wiki mbili. Tulimwuliza anataka isemwe ipi. Alitaka sita.

Kutafuta uzi

Hapa ndipo nilipochukua muda mrefu. Kila kumbukumbu niliiandika kwenye kipande chake cha karatasi, na juu yake nikaweka namba ya chanzo na *kitu* kilichomo. Kitu, sio sifa. "Alikuwa mkarimu" haina kitu, iweke pembeni. "Alinipa tairi la zamani nikalifanyia bembea" ina kitu: tairi. Kwenye karatasi sita nilipata vipande 31, na 12 kati yake vilikuwa sifa tupu, mkarimu, mcheshi, mpenda watu. Sikuvitupa, ila vilisubiri vipate tukio la kuvibeba, na vingi havikupata.

Halafu vipange kwa kitu. Unatafuta kitu kinachojitokeza kwa watu wawili au watatu ambao hawakukaa pamoja kuandika. Kwetu kilikuwa chaki. Mama: mfuko wa shati kila mara ulikuwa mweupe akifua. Binti: alikuwa akiokota vipande vya chaki shuleni kumpelekea baba. Mjukuu: babu alikuwa "anachora tairi na chaki". Baba mdogo: "siku ya kwanza hakunipa spana, alinipa chaki." Hakuna hata mmoja aliyeeleza chaki ni ya nini, kwa kuwa kwao ilikuwa jambo la kila siku. Na kwenye kijitabu neno hilo halimo kabisa.

Mimi sikuelewa, na kama mwandishi haelewi, hadhira haitaelewa. Nilimpigia baba mdogo. Akaeleza: unageuza baiskeli magurudumu juu, unazungusha gurudumu, unashika chaki imetulia kando ya rimu na kuisogeza kidogo kidogo mpaka iguse. Rimu iliyonyooka itachorwa mstari mzima. Iliyopinda itachorwa pale tu ilipotokeza, na hapo ndipo spoki za kukaza na kulegeza zilipo. Mjukuu alikosea kidogo, haikuwa tairi. Jambo la kazi ya mtu lithibitishwe na wa kazi hiyo. Mafundi wenzake watakuwepo wakisikiliza.

Uzi ukishapatikana, kila kipande ukiulize: unashikana na chaki? Vilivyoshikana vilikuwa saba. Niliongeza kimoja cha nje, pesa alizokuwa akimpelekea mama yake, kwa sababu shangazi hakuandika kingine na asingesikia sauti yake popote.

Ruhusa

Karatasi ya mama ilikuwa na mistari minne. Wa mwisho: *La mwisho sijalifua.* Shati. Ni mstari bora kuliko yote niliyopewa, na kwa sababu hiyohiyo sikuwa na haki ya kuutumia kimyakimya. Mtu anapoandika kwa ajili ya mwanawe haandiki kwa ajili ya watu mia mbili. Rafiki yangu alimsomea sentensi kama itakavyotamkwa, akamwuliza. Mama akasema isomwe, lakini shati lisiletwe. Kumbe wajukuu walikuwa wameshapanga kulileta.

Fanya hivyo kwa kila kitu chenye deni, ugonjwa, ugomvi, au mwili wa mtu. Msomee mwenyewe sentensi yenyewe neno kwa neno. Muhtasari wake hautoshi kumpa cha kukubali au kukataa.

Urefu, na hotuba yenyewe

Kwenye hadhara ya namna hii mimi nahesabu maneno 90 kwa dakika. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na msemaji atasimama, atameza mate, atasubiri watu. Dakika nne ni maneno 360 hivi. Rasimu ya kwanza ilikuwa 610. Nilianza kukata salamu ndefu, kisha sifa, kisha kila nilichokipenda kwa sababu nilikiandika vizuri. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni hii:

> Mama alijua jambo moja kuhusu mashati ya baba kabla yetu sote. Yote yalikuwa na mfuko mweupe. Ni chaki. Mama amefua chaki ile tangu alipoolewa, na haikuisha.
>
> Aliyekuwa akiileta ni dada yangu mkubwa. Vile vipande vinavyoanguka chini ya ubao, ambavyo mwalimu havishiki tena, alivifunga kwenye karatasi akampelekea baba karakanani. Alipokuwa darasa la pili aliamini kwamba baba naye anafundisha mahali.
>
> Baba alikuwa anageuza baiskeli, anazungusha gurudumu, halafu anasogeza chaki kwenye rimu, polepole, mpaka iguse. Palipopinda panachorwa. Palipo sawa panapita. Mwanangu mmoja, mjukuu wake, alitaka kusaidia akashika spana akaanza kukaza zote. Babu akamshika mkono: "Usikaze spoki isiyo na kosa."
>
> Mwaka wa themanini baba mdogo alifika karakanani hana kazi. Hakupewa spana. Alipewa chaki, na kwa wiki mbili kazi yake ilikuwa kuchora tu na kusema ameona nini. Leo ana karakana yake.
>
> Shangazi anakumbuka bahasha. Kila mwezi baba alimpelekea bibi yetu pesa, mpaka bibi alipofariki, na kila bahasha ilikuwa na alama za vidole vyeupe.
>
> Watoto wake sita tunasimama hapa, mmoja akiwa alitangulia siku nyingi.
>
> Mashati ya baba mama ameyafua yote, ameyagawa. La mwisho hajalifua.

Angalia vyanzo: aya ya kwanza K1, ya pili K2, ya tatu K5 na maelezo ya simu, ya nne K3 na ule mwaka wa K6, ya tano K4. Kwenye nakala yangu kila sentensi ilikuwa na namba pembezoni. Mtu akiuliza "hilo umelitoa wapi?", na atauliza, una jibu.

Angalia pia kwamba hakuna popote paliposema alikuwa mvumilivu.

Karatasi ya kusomea

Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16 au 18, upande mmoja tu, namba ya ukurasa juu, na sentensi isivunjike kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Weka alama ya mkwaju, /, pa kuvuta pumzi. Sisomi kwenye simu mbele za watu. Inazima, au mtu anapiga.

Msemaji aisome kwa sauti mara tatu, akiwa amesimama. Mara ya kwanza itaonyesha sentensi zinazomshinda ulimi. Ya pili itaonyesha pale koo linapobana, na kwa rafiki yangu halikubana kwenye shati kama nilivyodhani, lilibana kwenye "darasa la pili". Tukaacha mstari mtupu baada yake ili asimame kama anataka kusimama. Ya tatu asome mbele ya mtu mmoja atakayeshika nakala ya pili siku yenyewe, amekaa karibu, tayari kuendelea kuanzia palipokatika. Kwetu alikuwa dada yake mkubwa, na ilibidi ainuke kuanzia aya ya shangazi.

Kazi iliyobaki ni ya mezani. Karatasi sita zilirudi kwa wenyewe kwa kufuata namba zake, isipokuwa K6, ambayo mpaka leo hakuna aliyesema ni yake. Faili lina picha zote, nakala za neno kwa neno, lile jedwali la undugu, na karatasi moja ya masahihisho ya kijitabu: umri ni 74, watoto ni sita. Anayelitunza ni binti mkubwa, na nakala ya pili iko kwa baba mdogo.